Pampu Inayotafuna Mawe

"Injinia, hii pampu yako inatafuna mawe."

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, juu ya paa la jengo moja la ofisi Nairobi. Mzee anayeangalia mitambo ya jengo hilo alikuwa ameegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye bodi ya pampu, na mpini wake ameubana sikioni. Alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akanipa bisibisi nami nisikilize.

Nikasikia. Kokoto. Kama mtu amechota koleo la kokoto akalimimina ndani ya pampu, nazo zinazunguka humo bila kutoka.

Hakukuwa na jiwe hata moja. Tulikuwa tumeshafungua chujio juzi yake kwa sababu hiyohiyo na hatukukuta jiwe. Tulikuta matope, uzi wa katani na vipande vya plastiki, tukasafisha juujuu na kurudisha. Sili ya pampu ilikuwa imebadilishwa mara 2 ndani ya miezi 5. Na kwenye karatasi za kuidhinisha pampu hiyo kulikuwa na muhuri wangu na sahihi yangu.

Nilirudi Mombasa jioni ile, na sauti ile nikaja nayo. Imenikaa wiki kadhaa. Naandika haya kwa wenzangu wa viyoyozi vikubwa, maana hesabu niliyokosea ni ile ambayo wengi wetu huifanya kwa dakika 5 tukiwa tunawaza mambo mengine.

## Muhuri

Mitambo yote iko juu ya paa: mnara wa kupozea maji, chila, na pampu 2 za maji ya kondensa, moja inafanya kazi na nyingine inasubiri. Beseni la mnara limekaa kwenye fremu ya chuma, juu kidogo tu ya pampu. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia. Mnara ukiwa paani na pampu ziko chini kwenye besimenti, nguzo nzima ya maji inaikandamiza pampu upande wa kuvuta, na huna haja ya kuhangaika. Vyote vikikaa sakafu moja, msaada wako ni zile sentimita chache kutoka usawa wa maji ya beseni hadi katikati ya pampu. Urefu wa mnara wenyewe hausaidii kitu. Maji yanayonyunyizwa kutoka juu yanaangukia beseni, na pampu inaona beseni tu.

Nilikuwa nimetaka pampu ya mizunguko 1450 kwa dakika, itoe lita 54 kwa sekunde kwa msukumo wa mita 28. Mkandarasi akaleta ombi la kubadilisha: pampu ndogo zaidi, ya mizunguko 2900, lita zilezile, mita zilezile, bei nafuu. Nikafungua jedwali langu la hesabu, lile ninalolihamisha kutoka kazi moja kwenda nyingine, nikabadilisha namba 3 au 4, nikaona nafasi ni kubwa, nikagonga muhuri.

Jedwali lile nililitengeneza kwa ajili ya hoteli ya Pwani.

## Maharagwe ya Nairobi

Shangazi yangu alihamia Nairobi zamani na malalamiko yake ya kwanza yalikuwa maharagwe. Hayaivi, alisema, hata uyachemshe toka asubuhi. Alidhani ni maharagwe ya huko. Kumbe ni hewa. Nairobi iko karibu mita 1700 juu ya bahari, na hewa inayolalia sufuria ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na yakishachemka hayapandi joto zaidi ya hapo.

Ndani ya pampu mambo ni yaleyale, ila yanakwenda kinyume: badala ya kupandisha joto, tunashusha mgandamizo. Pampu haivuti maji, ingawa wote tunasema inavuta. Hewa ya nje inayakandamiza maji kwenye beseni na kuyasukuma hadi mdomoni mwa impela. Njiani kila kona, vali na chujio linakula sehemu ya mgandamizo huo. Kinachobaki mdomoni kikishuka hadi kiwango cha maji kuchemka kwa joto lake, maji yanachemka yakiwa ya nyuzi 25. Vinatokea viputo vya mvuke. Sentimita chache mbele, ndani ya mapezi ya impela, mgandamizo unapanda tena na viputo vinabomoka ghafla. Kila kinapobomoka karibu na chuma, maji yanakigonga chuma mfano wa nyundo ndogo. Hizo ndizo kokoto tulizosikia. Hiyo ndiyo kavitesheni.

NPSHa ni kile ulichonacho mdomoni mwa pampu, juu ya kiwango cha kuchemka. NPSHr ni kile ambacho pampu inadai. Vyote vinahesabiwa kwa mita.

Hewa ya Mombasa ni sawa na nguzo ya maji ya mita 10.3. Ya Nairobi ni mita 8.4.

Karibu mita 2 zimepotea njiani, na jedwali langu halikujua. Kwenye kisanduku cha hewa lilikuwa limeandika 10.3 na halikuniuliza niko wapi. Kinachochekesha ni kwamba kisanduku cha joto la maji nilikibadilisha kwa makini sana. Joto, kwa mnara wa kupozea, halina uzito huo: maji yakitoka nyuzi 25 hadi 35, unapoteza kama sentimita 26 tu. Nilihangaika na sentimita, nikaziacha mita.

## Dhambi niliyokuwa tayari kuiungama

Basi nilipofika ofisini nilishajua nitaandika nini. Nilisahau mwinuko, kosa ni langu, naomba radhi. Barua nilishaianza.

Kisha nikafanya kile ambacho ningepaswa kufanya kabla ya kuandika barua. Nikaweka 8.4 mahali pa 10.3 na kuhesabu upya. Hewa mita 8.4, jumlisha mita 0.9 ya maji ya beseni juu ya pampu, toa 0.3 ya mvuke, toa 1.2 inayoliwa na bomba la kuvuta pamoja na chujio likiwa safi:

```
NPSHa = 8.4 + 0.9 - 0.3 - 1.2 = 7.8 m
```

Mchoro wa pampu ulisema kwa lita 54 inadai mita 5.2.

Saa nzima nilitazama namba hizo mbili. Nafasi ni mita 2.6. Hata kwa hewa ya Nairobi, pampu ilipaswa kunyamaza.

Nikiri kwamba kilichonijia kwanza kilikuwa nafuu. Kumbe hesabu yangu, hata ikirekebishwa, inapita! Ningeweza kuisukumia lawama chujio, au mtengenezaji, au mzee na bisibisi yake. Nafuu hiyo haikudumu, kwa sababu sauti ilikuwa bado iko.

## Je, ni hewa au ni mvuke?

Nikapanda tena Nairobi. Kabla ya kusema ni kavitesheni lazima uondoe mshukiwa mwingine anayefanana naye kwa sauti: hewa. Beseni likiwa na maji haba juu ya tundu la kutokea, maji yanajizungusha kama kwenye sinki la jikoni, na kile kizingia kinafyonza hewa hadi ndani ya pampu. Hutokea hasa pampu inapowashwa, maana mabomba ya juu yaliyokuwa yamemwagikia beseni usiku yanajaa upya, na usawa wa beseni unashuka kabla ya koki ya kuelea haijafidia.

Mzee akawasha pampu, mimi nikainamia beseni na tochi. Usawa ulishuka, lakini maji hayakuzunguka. Kisha tukafungua koki ya kutolea hewa iliyo juu kabisa ya kondensa. Hewa ikiingia kwenye pampu haipotei, itatokea pale ikitema na kukohoa. Mvuke wa kavitesheni haufiki huko, umeshabomoka na kurudi kuwa maji ndani ya impela. Koki ilitoa maji tu, mstari mmoja mweupe usiokatika.

Jaribio la tatu nililifurahia zaidi. Nilimwomba mzee afunge vali ya upande wa kusukuma taratibu, robo kwa robo. Ya kusukuma, si ya kuvuta: anayebana vali ya kuvuta pampu inapopiga kelele anaizidishia njaa. Kelele ikapungua. Akabana tena. Ikapungua tena, halafu ikakatika kabisa, na kwa mara ya kwanza tukasikia mlio wa mota peke yake.

"Kumbe alikuwa amezidiwa na chakula," mzee akasema.

Sikumjibu. Neno lake lilinifungua macho kuliko jedwali lote.

## Geji mbili

Kwenye flenji ya kuvuta kulikuwa na tundu la geji lililozibwa. Tukafunga pale geji inayosoma chini ya sufuri. Vali ikiwa wazi kabisa, mshale ulisimama karibu na -0.32 bar, yaani mita 3.3 chini ya hewa ya pale. Hapa ndipo wengi huteleza. Geji inajipima kwa hewa ya mahali ilipo, kwa hiyo Nairobi unaiongezea 8.4 na si 10.3. Jumlisha mita 0.7 ya mwendo wa maji kwenye flenji, toa mvuke:

```
NPSHa = 8.4 - 3.3 + 0.7 - 0.3 = 5.5 m
```

Nilihesabu 7.8 nikiwa nimekaa mezani, na paani kuna 5.5. Mita 2.3 zimekwenda wapi?

Tukasimamisha mtambo, tukafungua chujio na safari hii tukalitoa lote na kulisugua. Matundu mengi yalikuwa yamezibwa na utando mgumu wa vumbi na saruji, ule ambao ukilisuuza tu juujuu hautoki. Mnara wa kupozea ni mashine ya kuosha hewa ya mjini, na jengo jipya lina saruji yake yenyewe. Tuliporudisha, geji ikapanda hadi -0.17. Mita 1.5 zilikuwa zimekaa ndani ya kikapu hicho.

Tukawasha. Kelele ilipungua lakini haikwisha.

Nikapima usawa wa maji ya beseni pampu ikiwa inaendelea: mita 0.6 juu ya katikati ya pampu. Ile 0.9 niliichukua kwenye mchoro, na mchoro ulionyesha usawa wa maji yanapofurika. Hakuna mnara unaofanya kazi ukiwa unafurika. Mita 0.3 nyingine hizo.

Bado kuna nusu mita haijulikani ilipo.

Ndipo nikakumbuka kuzidiwa na chakula. Nikasoma geji ya upande wa kusukuma, nikatoa usomaji wa ile ya kuvuta, na tofauti ikanipa msukumo wa karibu mita 25. Nilikuwa nimeagiza pampu ya mita 28. Pampu haidanganyi kwenye mchoro wake: ukijua inasukuma mita ngapi, unashuka kwenye mstari wake na kusoma inatoa maji kiasi gani. (Fanya hivi chujio likishasafishwa. Pampu iliyojaa viputo iko chini ya mchoro wake, na usomaji wako utakuwa wa uongo.)

Kwa mita 25 mchoro ulisema lita 63 kwa sekunde.

Si 54. Pampu ile haijawahi kufanya kazi kwenye lita 54 hata siku moja. Nilikagua kavitesheni mahali ambapo pampu haijawahi kuwa.

## Mita 28 zilitoka wapi

Hapa ndipo palipoanza kuniuma kweli.

Nilirudi kwenye hesabu za mabomba. Mfumo ule, kwa lita 54, unahitaji mita 19 tu. Kwa hiyo 28 ilitoka wapi? Nikafuatilia nyuma, karatasi kwa karatasi. Kondensa niliiwekea upotevu wa mita 8 kutoka kitabu cha chila ya zamani, wakati chila iliyonunuliwa inapoteza 5. Ikawa 22. Nikaongeza asilimia 15 kwa usalama, ikafika 25. Mkandarasi naye, kwa usalama wake, akaomba iongezwe asilimia 10. Tukakutana kwenye 28, kila mmoja akiwa ameridhika kwamba amekuwa mwangalifu.

Mita 9 za ziada hazikai akiba zikisubiri siku ya shida. Pampu inazigeuza kuwa maji. Inateleza kulia kwenye mchoro wake hadi pale mfumo utakapoipinga vya kutosha, na kwetu hapo palikuwa lita 63.

Na kulia kwa mchoro mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Bomba la kuvuta linakula zaidi, kwa sababu upotevu unakua kwa mraba wa mwendo: ile 1.2 yangu ikawa karibu 1.7. Na pampu inadai zaidi. Mstari wa NPSHr kwenye mchoro huwa umelala upande wa kushoto, halafu ukipita katikati unainuka kama mtu aliyestuka usingizini. Ile pampu ya mizunguko 2900 inadai 5.2 kwa lita 54. Kwa lita 63 inadai mita 7.

Sasa hesabu ya kweli, chujio likiwa safi:

```
NPSHa = 8.4 + 0.6 - 0.3 - 1.7 = 7.0 m
```

Saba kwa saba.

Na saba kwa saba si salama hata kidogo. NPSHr inayochapishwa kwenye kitabu haimaanishi pale kavitesheni inapoanza. Ni pale ambapo msukumo wa pampu umeshashuka kwa asilimia 3 kwa sababu ya viputo. Yaani mtengenezaji anakupa alama ya mahali ambapo pampu imeshaugua kiasi cha kupimika. Viputo vinaanza mapema zaidi, kukiwa bado na mita kadhaa mkononi. Ndiyo sababu Hydraulic Institute ya Marekani ina mwongozo mzima, namba 9.6.1, kuhusu nafasi ya kuacha juu ya NPSHr. Mimi kwa maji ya kondensa sasa sikubali chini ya mita 1 katika hali mbaya kabisa: beseni limeshuka na chujio limechafuka.

Barua yangu ya kuungama ilikuwa imeshika dhambi isiyo yake. Mwinuko ulikuwa kweli, lakini peke yake usingeiua pampu. Vivyo hivyo chujio, beseni, mizunguko 2900, na mita za ziada. Kila kimoja kingevumilika. Nilivipitisha kimoja kimoja, na kila kimoja kikala kutoka kwenye sahani ileile.

## Wazo lililoninyima usingizi

Nikaihamisha pampu hiyohiyo, kwa makosa yaleyale yote, hadi hoteli ya Pwani. Lita 63, beseni 0.6, mvuke 0.4 kwa maji ya joto zaidi, chujio safi. Napata mita 8.8 dhidi ya 7. Chujio likichafuka vilevile, 7.3.

Isingepiga kelele ya kuita mtu. Labda mnong'ono tu ambao mota na feni za mnara zingeufunika.

Maana yake ni kwamba kosa hili sikulianza Nairobi. Nimelifanya miaka mingi, na hewa ya Pwani ilikuwa inanilipia deni kimyakimya. Ninazifahamu pampu kadhaa kati ya Mtwapa na Diani ambazo nilizichagua kwa jedwali lile. Sijui sili zao zimebadilishwa mara ngapi, kwa sababu hakuna anayempigia injinia simu kwa ajili ya sili. Wanabadilisha tu, wanasema maji ya huku yana chumvi.

Mbili kati ya hizo nimeshazipitia na geji. Moja ilikuwa salama. Nyingine tumebana vali, na mwenye jengo ameshangaa mota inavuta umeme mdogo kuliko jana yake.

## Impela

Tuliifungua pampu ya Nairobi. Chuma cha kutupwa, miezi 5 tu. Kwenye kila pezi, karibu na mdomo, upande unaouona ukichungulia kutoka bomba la kuvuta, palikuwa na kovu la ukubwa wa sarafu, chuma kimechimbika kama mbao iliyoliwa na mchwa. Mahali pa kovu pana maana. Likiwa upande huo unaoonekana, ni njaa ya mdomoni. Likiwa upande wa nyuma wa pezi, usioonekana bila kioo, mara nyingi pampu inatoa maji machache mno na maji yanajirudia ndani. Ugonjwa tofauti, na dawa yake ni kinyume.

Kutu inasambaa popote maji yanapofika. Makovu haya yalikuwa yamechagua mahali.

Mzee alipitisha kidole. "Na humu hakuna mawe," akasema, zaidi kwa nafsi yake.

## Tulichofanya

Kurudisha pampu ya mizunguko 1450 ndilo lilikuwa jibu safi. Ile kwa lita 63 ingedai kama mita 4.5 na isingesikika. Lakini pampu zilishanunuliwa, misingi ya zege imemwagwa kwa ukubwa wao, na mwenye jengo alikuwa na subira ya kiasi chake.

Kubana vali ya kusukuma kunatosha kuirudisha pampu kwenye lita 54, na kwa wiki ya kwanza ndivyo tulivyoiacha. Ila unachoma mita 9 kwenye vali usiku na mchana, na pampu inaendelea kulipia umeme wake. Kukata impela kungewezekana pia. Kuna watu wanaamini impela ikikatwa NPSHr nayo inashuka. Hapana: unakata ukingo wa nje, mdomo unabaki uleule. Kinachosaidia ni kwamba maji yanapungua, basi.

Tukafunga inveta. Tukaishusha hadi 43 Hz, na hapo pampu inatoa lita 54 kwa mita 19, sawasawa na mfumo unavyotaka. Nilitarajia NPSHr ishuke sana kwa kupunguza mizunguko, na hapa nilijifunza kitu. Ukipunguza mizunguko bila kubana vali, pampu inabaki palepale kulia kwa mchoro wake, mchoro wenyewe ndio unaosinyaa. NPSHr ikawa karibu 5.1, hakuna tofauti na 5.2 ya kubana vali. Faida yote iko kwenye umeme: badala ya kusukuma mita 28 na kutupa 9, inasukuma 19. Tuliangalia pia kwamba lita 54 bado zinatosha chila na kwamba maji yanaenea vizuri juu ya mnara, kwa sababu mnara ukipewa maji pungufu unaacha sehemu kavu na magadi yanaganda hapo.

Chujio nililihamishia upande wa kusukuma, kabla ya kondensa. Wenzangu wengine hawatakubaliana nami. Wanasema chujio linalinda pampu. Mimi naona wavu wa beseni unatosha kwa pampu, ukisafishwa. Mirija ya kondensa ndiyo myembamba na ndiyo inayohitaji chujio la matundu madogo. Likichafuka upande wa kusukuma, unapoteza maji kidogo. Likichafuka upande wa kuvuta, unapoteza pampu. Lakini kwenye pampu ya akiba hatukuwa na nafasi ya kulihamisha bila kukata bomba, kwa hiyo pale lipo bado upande wa kuvuta, na tumekubaliana na mzee kuhusu geji.

## Geji ya mzee

Chujio likiwa safi, pampu ile ya akiba kwa 43 Hz inasoma kama -0.11 bar. Nilihesabu kwamba hata ikifika -0.25 bado tuna karibu mita 1 mkononi. Nikamwambia mzee afungue chujio ikifika -0.20. Akachukua rangi ya kucha ya binti yake, nyekundu, akachora mstari mwembamba kwenye kioo cha geji.

Kwenye jedwali langu kisanduku cha hewa sasa ni kitupu. Halihesabu chochote hadi uandike mwinuko wa mahali. Na chini yake nimeongeza safu ya pili, ambayo haina lita za kwenye karatasi bali lita ambazo pampu itatoa vali zikiwa wazi na mita zetu zote za usalama zimegeuka kuwa maji. Safu hiyo imeshanifanya nirudishe maombi 2 ya mkandarasi bila muhuri. Mmoja aliniuliza kwa nini nimekuwa mgumu siku hizi.

Kila Jumatatu asubuhi mzee anazungusha pampu, anaipa zamu ile ya akiba, kisha ananitumia namba moja kwa simu, bila salamu, jambo ambalo kwa umri wake ni la ajabu. Wiki 3 za kwanza ilikuwa -0.11, -0.11, -0.12. Halafu barabara ya nyuma ya jengo ikaanza kuchimbwa.

Jumatatu iliyopita aliandika: "-0.18. Vumbi. Kesho nafungua."

Nikamuuliza anasikia nini kwenye bisibisi.

"Bado hajaanza kutafuna."